Jinsi ya kuifuata Amida: Minha ya siku ya kazi, baraka kwa baraka

Anayehudhuria ibada ya Kiyahudi kwa mara ya kwanza huwa anapotea mahali pamoja. Zaburi imesomwa kwa sauti, kiongozi amemaliza Kadishi fupi, sala ya kulitukuza jina la Mungu, kisha watu wote wanasimama, wanarudi nyuma hatua tatu, wanasogea mbele hatua tatu, na kimya kinatanda. Midomo inatikisika, kurasa zinafunuliwa, wala hakuna anayetaja ukurasa. Mmoja anainama, mwingine bado, mwingine amekwisha kumaliza na amesimama tu. Hiyo ndiyo Amida, sala ya kusimama, ambayo Myahudi huisali mara tatu kila siku: asubuhi katika Shaharit, alasiri katika Minha, na usiku katika Maariv.

Njia ninayoifundisha mimi ni kutojaribu kukamata kila neno. Kamata mihuri. Kila baraka katika Amida, iwe ndefu au fupi, hufungwa kwa mstari mmoja unaoanza na maneno *Barukh ata Adonai*, yaani "Umehimidiwa wewe, Bwana", ukifuatwa na maneno machache yanayotaja kiini cha baraka hiyo. Mstari huo ndio muhuri. Siku ya kazi kuna baraka kumi na tisa, kwa hiyo kuna mihuri kumi na tisa. Ukiijua, utajua daima uko wapi. Angalia jambo moja tu: baraka ya kwanza pia huanza kwa maneno hayohayo, kwa hiyo mara ya kwanza ukiyaona hujafika mwisho wa kitu chochote. Ndiyo kwanza umeanza.

Tuchukue Minha ya Jumatano ya kawaida mwezi wa Januari, isiyo sikukuu, si siku ya kufunga, wala si mwanzo wa mwezi wa Kiyahudi. Ninaichagua Minha kwa sababu ni fupi: inasomwa Ashre, ambayo kwa sehemu kubwa ni Zaburi ya 145, inafuata Kadishi fupi, kisha Amida moja kwa moja. Wakati wake ni tangu kama nusu saa baada ya jua kupita utosini hadi machweo.

Kabla ya neno la kwanza

Tafuta sidur, yaani kitabu cha sala, yenye tafsiri ya lugha unayoielewa. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Sota, inaiweka sala hii miongoni mwa mambo yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote, kwa hiyo anayeisoma kwa Kiswahili hajakosea. Ila sidur hazilingani. Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na Ureno, na jumuiya za Mashariki ya Kati wana maneno yanayotofautiana hapa na pale, ingawa mpangilio wa baraka ni uleule. Chukua kitabu kinachotumiwa na watu unaosali nao, usije ukahangaika kutafuta maneno ambayo hayamo kwenye ukurasa wako.

Elekea Yerusalemu. Vitabu vingi vilivyochapwa Ulaya na Marekani husema "elekea mashariki", na msomaji wa Afrika Mashariki akifuata hivyo ataipa Yerusalemu bega. Nairobi, Mbale na Dar es Salaam ziko kusini mwa Yerusalemu, kwa hiyo huku kwetu uso unaelekea kaskazini. Ndani ya sinagogi hakuna haja ya kupima, kwa kuwa watu wote huelekea upande wa sanduku la magombo ya Torati.

Funga miguu, kisigino kwa kisigino, kama miguu ya wale viumbe wa mbinguni katika Ezekieli 1:7 iliyokuwa imenyooka kama mguu mmoja. Mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama anasali ameketi. Zima simu kabisa, maana kuanzia hapa hadi mwisho hutamjibu mtu, hata kwa ishara ya kichwa.

Rudi nyuma hatua tatu ndogo, kisha sogea mbele hatua tatu. Sema mstari wa Zaburi ya 51: "Ee Bwana, uifumbue midomo yangu, na kinywa changu kitazinena sifa zako." Sauti iwe ya kusikiwa na masikio yako mwenyewe, si ya jirani. Walimu wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, walijifunza hili kwa Hana, mama yake Samweli, ambaye midomo yake ilitikisika na sauti yake isisikike, hata Eli akamdhania kuwa amelewa. Kusoma kwa macho tu hakutoshi. Midomo lazima itamke.

Baraka tatu za kwanza: sifa

Ya kwanza humtaja Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Katika sidur za jumuiya za kiliberali utakuta pia Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Hapa ndipo mwili unapoingia kazini. Kwenye neno *Barukh* kunja magoti, kwenye *ata* inama kiunoni, na kabla ya kutamka *Adonai* uwe umekwisha kunyooka. Utainama hivyo mwanzoni mwa baraka hii na tena kwenye muhuri wake, *magen Avraham*, "ngao ya Ibrahimu".

Kuna mahali panne tu pa kuinama katika baraka zote kumi na tisa: mwanzo na mwisho wa hii, na mwanzo na mwisho wa ile ya kumi na nane. Mgeni mara nyingi huinama kwenye kila *Barukh ata* akidhani ndiyo heshima. Talmudi inasema anayefanya hivyo afundishwe kwamba si desturi. Wenye hekima hawakutaka mtu mmoja ajiongezee unyenyekevu mbele ya wenzake.

Kama nguvu zako za kukaza moyo ni chache, zitumie zote hapa. Sheria ya Kiyahudi inataka moyo uwepo katika Amida nzima, lakini inatambua udhaifu wa mtu na kushikilia zaidi baraka hii ya kwanza. Kwa hiyo isome polepole, hata kama wenzako wamekwisha kufika ya tano.

Ya pili ni ya uwezo wa Mungu: huwategemeza waangukao, huponya wagonjwa, huwafungua waliofungwa. Muhuri wake ni *mehaye hametim*, "mwenye kuwahuisha wafu". Ndani yake, kwa kuwa ni Januari, utaongeza maneno manne, *mashiv haruah umorid hageshem*, "mwenye kuvumisha upepo na kuishusha mvua". Nitarudi kwenye mvua.

Ya tatu ni fupi na inahusu utakatifu wa jina la Mungu. Muhuri: *haEl hakadosh*, "Mungu mtakatifu". Ukifika hapo umemaliza sifa.

Baraka kumi na tatu za katikati: maombi

Hapa wengi huona msitu, lakini iko njia. Maombi sita ya kwanza yanahusu maisha ya watu, na yanayofuata yanahusu taifa.

Ombi la kwanza kabisa, baraka ya nne, ni akili. Kabla ya afya, kabla ya riziki, unaomba maarifa na utambuzi. Muhuri: *honen hadaat*, "mwenye kukirimia maarifa". Mwenye maarifa hutambua alipokosea, kwa hiyo ya tano ni toba. Anayetubu anahitaji kusamehewa, kwa hiyo ya sita ni msamaha. Kwenye ya sita utaona watu wengi, hasa Waashkenazi, wakijipiga kifuani taratibu kwa ngumi ya mkono wa kuume kwenye maneno "tumekosa" na "tumeasi". Hiyo ni alama nzuri kwako: ukiuona mkono unakwenda kifuani, jirani yako yuko baraka ya sita.

Ya saba inaomba wokovu katika taabu na ya nane inaomba uponyaji. Ya nane imechukuliwa karibu neno kwa neno kutoka Yeremia 17:14. Nabii alisema "uniponye nami nitaponywa", lakini sidur inasema "utuponye nasi tutapona". Mfano huo unaonyesha jinsi maombi haya yote yalivyojengwa: hakuna "mimi" katika baraka kumi na tatu za katikati, kuna "sisi" tu. Ukiwa na mgonjwa, hapa ndipo unapomtaja kabla ya kufikia muhuri. Desturi ni kumtaja kwa jina lake na la mama yake, fulani mwana wa fulani.

Ya tisa ni baraka ya miaka, yaani mazao na riziki ya mwaka, na muhuri wake ni *mevarekh hashanim*, "mwenye kuibariki miaka". Hapa kuna tawi linalowakosesha hata wazoefu, kwa hiyo tusimame kidogo.

Maneno ya mvua yako mahali pawili. Katika baraka ya pili ni sifa: tunamtaja Mungu kuwa ndiye ashushaye mvua, kuanzia sikukuu ya Shemini Atseret, mwishoni mwa Vibanda, hadi siku ya kwanza ya Pasaka. Katika baraka ya tisa ni ombi lenyewe, *ten tal umatar*, "utupe umande na mvua", na ombi hilo huchelewa kuanza. Katika nchi ya Israeli huanza tarehe 7 ya mwezi wa Kiyahudi wa Heshvan, majuma mawili baada ya sikukuu. Mishna inaeleza sababu: mahujaji wa mwisho wapate muda wa kurudi hadi mto Frati bila kunyeshewa njiani. Msafiri anaombewa njia kavu kabla taifa halijaombewa mvua. Nje ya Israeli ombi huanza jioni ya tarehe 4 Desemba, na miaka mingine tarehe 5, kwa kufuata hesabu ya zamani ya Babeli. Kote huko hukoma Pasaka inapoingia. Sidur za Kisefaradi zimekwenda mbali zaidi: zina baraka ya tisa mbili kamili, moja ya kiangazi na moja ya masika ya kule, nawe unasoma moja tu.

Mtu wa Afrika Mashariki atauliza, na ana haki ya kuuliza: Januari Nairobi ni kavu, na masika yetu huanguka Machi na Aprili hadi Mei, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sala imekwisha kuacha kuomba mvua. Je, tubadilishe kalenda? Jibu lililozoeleka ni hapana. Kalenda ya Amida ni moja, na imefungwa kwenye nchi ya Israeli na Babeli. Mvua ya mahali ulipo ina nafasi yake katika baraka ya kumi na sita, ambako kila mtu huruhusiwa kuomba haja yake.

Kuanzia ya kumi, maombi yanageukia taifa. Ya kumi inaomba waliotawanyika wakusanywe, ya kumi na moja inaomba waamuzi wa haki warudi. Ya kumi na mbili ni kali: inaomba wachongezi na uovu visiwe na tumaini. Talmudi inasimulia kwamba baraka zilikuwa kumi na nane, zikapangwa na Shimoni Hapakuli mbele ya Raban Gamalieli, kiongozi wa marabi, katika mji wa Yavne, baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Kisha Shmueli Hakatan akaitunga hii. Ndiyo maana hadi leo watu huita sala nzima "Kumi na Nane" ilhali ukihesabu unapata kumi na tisa. Maneno ya baraka hii yamebadilishwa mara nyingi, mengine kwa shinikizo la wakaguzi wa Kikristo wa zama za kati, na sidur yako inaweza kutofautiana na ya jirani hapa kuliko mahali pengine popote.

Ya kumi na tatu inawaombea wenye haki, na inawataja pamoja nao wageni waliojiunga na Israeli kwa moyo. Ya kumi na nne ni ya kujengwa Yerusalemu, na ya kumi na tano ni ya uzao wa Daudi.

Ya kumi na sita ni mlango ulio wazi: *shomea tefila*, "mwenye kusikia sala". Kabla ya muhuri huo unaweza kuongeza haja yako kwa maneno yako na kwa lugha yako: mtihani, deni, mvua ya kijijini kwenu. Usirefushe kupita kiasi, kisha funga kwa muhuri.

Mlango huu pia unaokoa. Tuseme Jumatano yetu ya Januari umesoma baraka ya tisa ukasahau kuomba umande na mvua, ukakumbuka uko ya kumi na nne. Usirudi. Endelea hadi ya kumi na sita, na kabla ya *shomea tefila* sema *veten tal umatar livrakha*, kisha endelea. Ukikumbuka baada ya muhuri wa kumi na sita lakini hujarudi nyuma hatua za mwisho, rudi mwanzo wa baraka ya tisa na usome kutoka hapo hadi mwisho. Ukikumbuka baada ya hatua hizo, unaanza Amida upya.

Baraka tatu za mwisho: shukrani na amani

Ya kumi na saba inaomba ibada ipokelewe na uwepo wa Mungu urudi Sayuni. Kisha inakuja ya kumi na nane, *Modim*, ya shukrani, na hapa watu wanainama tena. Mwanzoni mwake hukunji magoti: unainama moja kwa moja kwenye neno *Modim*, unanyooka kabla ya jina la Mungu. Kwenye muhuri wake, *hatov shimkha ulkha nae lehodot*, unakunja magoti na kuinama kama katika baraka ya kwanza. Kama ulikuwa umepotea kabisa, kuinama huku kwa majirani ni alama yako: wamebakiza baraka moja.

Hiyo ya kumi na tisa ni ya amani. Waashkenazi wengi alasiri husoma *Shalom rav*, na asubuhi husoma *Sim shalom*. Usishangae ukurasa ukiwa na zote mbili. Muhuri wake ni mmoja: *hamevarekh et amo Yisrael bashalom*, "mwenye kuwabariki watu wake Israeli kwa amani".

Baada yake inafuata sala ya faragha inayoanza *Elohai netsor*, "Mungu wangu, uulinde ulimi wangu na mabaya", iliyotoka kwa mwalimu wa Talmudi, Mar mwana wa Ravina. Hapa hatimaye "mimi" inaruhusiwa. Kisha, ukiwa umeinama, rudi nyuma hatua tatu ukianza na mguu wa kushoto. Inama kushoto ukisema *ose shalom bimromav*, kulia ukisema *hu yaase shalom alenu*, na mbele ukimalizia *veal kol Yisrael*. Nyuma yako akiwa bado anasali mtu, subiri amalize, kwa kuwa haifai kupita wala kurudi ndani ya dhiraa nne mbele yake.

Kiongozi anaporudia

Wakiwapo watu wazima kumi (wanaume peke yao kwa Waorthodoksi, wanawake wakihesabiwa pia katika jumuiya nyingine nyingi), kiongozi huirudia Amida yote kwa sauti. Desturi hii iliwekwa kwa ajili ya asiyejua kusoma, atimize wajibu wake kwa kusikiliza. Kwako ni nafasi ya kuisikia mihuri yote. Kila kiongozi asemapo *Barukh ata Adonai*, wengi hujibu *Barukh hu uvarukh shemo*, na muhuri unapokamilika wote husema *Amen*.

Baraka ya tatu katika marudio hupanuka kuwa Kedusha. Simama miguu pamoja, sema na wote *Kadosh, kadosh, kadosh* ya Isaya 6:3, ukijiinua kidogo kwa vidole vya miguu kwenye kila *kadosh*. Ikikukuta bado uko katikati ya sala yako ya kimya, usijibu. Nyamaza tu, sikiliza, kisha endelea ulipoishia.

Muda ukiwa mfinyu, jumuiya nyingi hufupisha Minha: kiongozi huanza kwa sauti moja kwa moja, bila kimya cha kwanza, hadi mwisho wa Kedusha, kisha kila mmoja humalizia kimyakimya. Ukisikia kiongozi anatamka *Barukh ata Adonai* mara tu baada ya hatua tatu, anza naye hapohapo, neno kwa neno, hadi *haEl hakadosh*.

Ukirudi Ijumaa jioni utakuta Amida ya baraka saba tu. Tatu za kwanza na tatu za mwisho ni zilezile, pamoja na kuinama kwake. Ila maombi kumi na matatu yameondolewa, kwa kuwa Sabato si siku ya kuleta mahitaji ya kazi, na mahali pake imewekwa baraka moja ya utakatifu wa siku, yenye muhuri *mekadesh haShabat*.